Jinsi ya kuandika hadithi ya msichana, sarafu na sanduku: superposisheni kwa wasomaji vijana

Hadithi hii inamweleza kijana superposisheni, yaani hali ya fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo sana, ambamo kitu kina njia za pande zote mbili kabla ya kufunuliwa. Wanaotaka kuiandika hurudi na swali lilelile: "Si nifunike sarafu sandukuni, nimwambie msichana kwamba kabla ya kufunua ni kichwa na namba kwa pamoja, yaishe?" Hapana. Sarafu iliyofunikwa imeshalala upande mmoja. Asiyejua ni msichana. Sarafu yenyewe haina utata wowote. Msomaji wa miaka 14 huling'amua hilo mapema kuliko unavyodhani. Ukimwambia kwamba kutojua huko ndiko superposisheni, ama atakuamini na kubeba kosa miaka mingi, ama atakukatalia na kuacha kusoma.

Hapa nakupa mchezo unaotenganisha kutojua na superposisheni kwelikweli, kisha nakuonyesha namna ya kuuingiza katika hadithi ya maneno 1,200 hadi 1,500. Ufunguo wake ni kutikisa sanduku mara mbili.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Sarafu moja, na sanduku dogo la kadibodi lenye kifuniko. Ligawe ndani kwa kipande cha kadibodi upate vyumba viwili: kimoja uandike "kichwa", kingine "namba".
- Kete nyeupe kumi na nyeusi kumi. Vifungo au mbegu za rangi mbili pia zinafaa.
- Daftari la kuandika matokeo.
- Mtu wa kucheza naye ambaye hujamwambia lolote. Ukicheza peke yako hutasikia maswali ambayo msichana wa hadithi anapaswa kuuliza.
- Wahusika watatu, wasizidi. Mimi natumia Rehema, shangazi yake anayefundisha fizikia, na Idi, mdogo wake Rehema. Idi ana kazi kubwa kuliko anavyoonekana, kwa hiyo usimwondoe.

Hesabu unayohitaji kwenye mchezo ni kujumlisha na kutoa.

Hatua

1. Cheza mchezo mpaka ukuingie mikononi.

Msimamizi anakaa na sanduku upande wake, kifuniko kikiwa kimesimamishwa kama ukuta. Mchezaji haoni ndani. Msimamizi anafuata kanuni tatu.

*Mwanzo.* Mchezaji anasema sarafu ianze upande gani. Akisema kichwa, msimamizi anaweka kete moja nyeupe katika chumba cha kichwa.

*Mtikiso.* Kila kete iliyo katika chumba cha kichwa inazaa mbili za rangi yake, moja chumba cha kichwa na moja chumba cha namba. Kete iliyo katika chumba cha namba nayo inazaa mbili, lakini ile inayoingia chumba cha kichwa inabaki na rangi ya mzazi, na ile inayoingia chumba cha namba inachukua rangi ya kinyume. Kete za zamani zinatolewa. Nyeupe na nyeusi zikikutana katika chumba kimoja, zinafutana: zote mbili zinatoka.

*Kufunua.* Kama vyumba vyote viwili vina kete, msimamizi anarusha sarafu na kuonyesha upande uliotoka. Kama chumba kimoja tu kina kete, anaonyesha upande huo bila kurusha. Kisha anaondoa kete zote na kuweka nyeupe moja katika chumba cha upande ulioonekana.

Fuata mfano huu kwa mikono yako. Tunaanza na kichwa: nyeupe moja chumba cha kichwa. Mtikiso wa kwanza: nyeupe moja kichwa, nyeupe moja namba. Ukifunua sasa, ni nusu kwa nusu. Usifunue, tikisa tena. Ile ya kichwa inaleta nyeupe kichwa na nyeupe namba. Ile ya namba inaleta nyeupe kichwa na nyeusi namba. Tazama chumba cha namba: kina nyeupe na nyeusi, zinafutana. Chumba cha kichwa kina nyeupe mbili. Ukifunua, ni kichwa, leo na kesho na kila utakaporudia.

Ukianza na namba, mitikiso miwili itakurudishia namba. Ijaribu mwenyewe kabla ya kuendelea.

> Tahadhari. Usibuni kanuni za ziada, kwa mfano mtikiso unaopendelea upande mmoja. Katika kanuni hizi vyumba huwa ama na idadi sawa ya kete ama kimoja kitupu, ndiyo maana kurusha sarafu kunatosha. Ukipata kete mbili huku na moja kule, uwezekano hauwi mbili kwa moja. Katika fizikia ya kwanta idadi hupigwa kipeo cha pili kwanza, kwa hiyo ni nne kwa moja. Hilo ni somo jingine, na hadithi fupi hailimudu.

2. Anza hadithi na sanduku la kawaida.

Onyesho la kwanza liwe fupi, maneno mia mbili hivi. Shangazi anatia sarafu halisi sandukuni, anatikisa, anauliza. Rehema anabahatisha. Akiulizwa sarafu iko upande gani sasa hivi, ajibu kwa ukali kidogo: "Iko upande mmoja, shangazi. Mimi tu sijauona." Shangazi asimpinge, maana Rehema amesema kweli. Watikise mara mbili, mara tatu. Matokeo yabaki nusu kwa nusu.

Waandishi wengi hulikata onyesho hili wakidhani halina jambo. Lisipokuwepo, msomaji hatakuwa na cha kulinganisha sanduku la pili litakapoanza kufanya vituko.

3. Lete sanduku la pili na utikise mara moja tu.

Kwa mtikiso mmoja sanduku la pili halitofautiani na la kwanza hata kidogo. Mwache Rehema alidharau. Acheze raundi nane au kumi, apate mchanganyiko wa kichwa na namba, aseme ni sanduku lilelile limebadilishwa kifuniko. Anapokosea hapa anakosea kwa sababu nzuri, na msomaji atakosea pamoja naye.

4. Tikisa mara mbili, kisha mwache Rehema awe mpelelezi.

Hapa ndipo hadithi ilipo. Tumia angalau theluthi moja ya maneno yako. Shangazi anatikisa mara mbili bila kufunua katikati, na kichwa kinatoka. Tena kichwa. Mara kumi mfululizo. Kwa sarafu ya kawaida jambo hilo lina nafasi moja kati ya 1,024, na Rehema anaweza kuihesabu mwenyewe kwa kuanza na moja na kuzidisha kwa mbili, mara kumi mfululizo.

Usimpe maelezo. Mpe dhana, na kila dhana aiue yeye:

"Sarafu yako imechongwa, shangazi."

"Basi tumia yako."

Rehema akatoa ya kwake mfukoni. Mitikiso miwili, kichwa. Mitikiso miwili, kichwa. Akaikunja ngumi juu ya daftari.

"Mtikiso wa pili ndio unaolazimisha kichwa."

"Anza na namba tuone."

Ikatoka namba. Na tena namba.

"Kwa hiyo haulazimishi kichwa," Rehema alisema polepole. "Unarudisha nilikoanzia. Lakini unajuaje nilikoanzia, wakati katikati ni nusu kwa nusu?"

Swali hilo la mwisho ndilo nguzo. Baada yake Rehema aombe kufunuliwa katikati: mtikiso, funua, mtikiso, funua. Mara moja uhakika unapotea. Ameanza na kichwa, lakini mwisho ni kichwa au namba bila mpangilio.

Sasa aandike daftarini hoja hii, na msomaji aione ikiandikwa mstari kwa mstari:

*Nikifunua katikati nikakuta kichwa, mtikiso wa pili unaleta nusu kwa nusu.*
*Nikifunua katikati nikakuta namba, mtikiso wa pili unaleta nusu kwa nusu.*
*Kwa hiyo kama katikati sarafu huwa kichwa au namba kwa siri, nisipofunua pia ningepata nusu kwa nusu.*
*Lakini nisipofunua napata kichwa kila mara.*
*Kwa hiyo katikati haikuwa kichwa kwa siri, wala haikuwa namba kwa siri.*

Mistari mitano hiyo ina nguvu kuliko ukurasa mzima wa sitiari. Binafsi nisingeweka sitiari yoyote hapo. Rehema aisome tena, atafute kosa, asilipate, akasirike kidogo.

> Tahadhari. Usimwachie shangazi atoe hoja hii. Mtu mzima akihutubia aya mbili, kijana anaruka. Kazi ya shangazi katika sehemu hii ni kutikisa na kusema "jaribu".

5. Mwite Idi achungulie.

Kijana aliyefika hapa huwa na wazo moja potofu: kwamba ni macho ya Rehema yanayoharibu mambo, kana kwamba sarafu inajua inatazamwa. Idi yupo ili kulifuta wazo hilo.

Rehema anageuka mgongo. Sanduku linatikiswa mara mbili, raundi sita, kila raundi ikianza na kichwa. Katika raundi ya tatu na ya tano, Idi anamwomba shangazi kwa ishara afunue katikati, na shangazi anafunua. Hakuna anayemwambia Rehema. Matokeo anayosomewa ni kichwa, kichwa, kichwa, kichwa, namba, kichwa.

"Kuna mtu amefunua raundi ya tano," Rehema akasema kabla hajageuka.

Idi akacheka. "Mara moja tu?"

Rehema akaliangalia daftari upya. Raundi ya tano ilikuwa inajisema. Nyingine zote zilikuwa kichwa, safi, hazina alama.

"Ya tano nina hakika. Kama kuna nyingine, imekubahatikia ikaangukia kichwa."

Jibu hilo ni sahihi kabisa kihesabu, na ndiyo sababu Idi anachungulia mara mbili na si moja. Kila akichungulia ana nafasi nusu ya kutogundulika. Akichungulia mara tatu, nafasi ya kuponyoka zote ni moja kati ya nane. Namba ikitoka ni ushahidi kwamba kuna aliyefunua. Kichwa kikitoka si ushahidi kwamba hakuna.

Kisha ongeza jambo moja dogo. Shangazi anafunua katikati bila yeye wala mtu mwingine kutazama: anaurekodi upande kwenye kikaratasi, anakikunja na kukitia mfukoni bila kukisoma, kisha anaendelea na mtikiso wa pili. (Mnapoigiza kwa kete, anayerusha sarafu na kupanga kete awe mtu wa nne, ndipo mfano ufanye kazi.) Uhakika unapotea vilevile. Kinachoharibu ni alama iliyobaki mahali fulani ikieleza sarafu ilikuwa upande gani. Kusomwa kwa alama hiyo hakuhitajiki.

6. Fungua kifuniko.

Sasa Rehema aone kete, na shangazi aseme waziwazi kwamba sanduku ni igizo: anayefanya kazi ya kwanta ni mkono wake na kanuni zake. Ukificha hili, msomaji atakwenda kutikisa sarafu halisi, atapata nusu kwa nusu, na atajua umemdanganya.

Acha Rehema acheze nafasi ya msimamizi mara moja. Akiona nyeupe na nyeusi zinafutana katika chumba cha namba, ataelewa kwa nini kichwa kilikuwa na uhakika: njia mbili za kufika namba zilikuwepo, zikauana. Sarafu ya kawaida haina kete nyeusi. Njia zake hujumlishwa tu, hazifutani kamwe, na ndiyo maana Rehema alikuwa sahihi katika onyesho la kwanza.

Neno "superposisheni" litamkwe hapa kwa mara ya kwanza, mara moja, likiwa jina la kitu ambacho msomaji tayari anakijua: hali ya katikati, yenye kete katika vyumba vyote viwili, pamoja na rangi zake. Rangi ndizo zinazosahaulika. Baada ya mtikiso mmoja ukianza na kichwa una nyeupe na nyeupe. Ukianza na namba una nyeupe na nyeusi. Ukifunua, zote mbili ni nusu kwa nusu, huwezi kuzitofautisha. Ukitikisa tena, moja inakwenda kichwa na nyingine namba. Hapo Rehema anapata jibu la "unajuaje nilikoanzia": habari hiyo ilikuwa imetunzwa kwenye rangi.

7. Toa aya moja ya ulimwengu halisi.

Aya moja inatosha, iwe mdomoni mwa shangazi. Vitu vinavyofanya hivi kwelikweli ni vidogo sana, kama fotoni, yaani chembe ya nuru. Mahali pa mtikiso pana kioo kinachopitisha nusu ya nuru na kuakisi nusu. Ukiweka vioo viwili vya namna hiyo, na njia mbili kati yake zikapimwa zikalingana vizuri, fotoni zote hutokea mlango mmoja. Ukiweka kitu kinachorekodi fotoni ilipita njia gani, zinaanza kutokea milango yote miwili. Mpangilio huo huitwa kwa majina ya wanafizikia Ludwig Zehnder na Ludwig Mach, walioueleza mnamo 1891 na 1892. Mwaka 1986, Ufaransa, Philippe Grangier, Gérard Roger na Alain Aspect walionyesha kwamba matokeo ni hayohayo fotoni zikipita moja moja.

Ukitaka Idi asibaki mtundu tu, shangazi anaweza kuongeza kwamba mwaka 1984 Charles Bennett na Gilles Brassard walipendekeza njia ya kupeana funguo za kufungia ujumbe wa siri, inayotegemea jambo kama hilo: mdukuzi akichungulia njiani, anaacha makosa yanayoweza kuhesabiwa. Hapo Rehema amtazame mdogo wake, muendelee.

Makosa yanayojitokeza zaidi

*Kutumia sarafu inayozunguka hewani.* Inavutia, lakini kila nukta ya mzunguko sarafu hiyo iko katika mkao mmoja unaojulikana, na kamera ya kasi ingeuonyesha. Ukiihitaji sana, iweke katika onyesho la sanduku la kawaida.

*Kuandika "ni kichwa na namba kwa wakati mmoja".* Sentensi hii haijakosea sana, ila haisemi chochote kuhusu rangi, na bila rangi hakuna kufutana. Shangazi akisema "haijawa kichwa wala namba, ina njia za pande zote mbili, na njia hizo zinaweza kufutana," amesema zaidi kwa maneno machache ya ziada.

*Kumfanya msichana ashinde kwa kipaji cha kuzaliwa.* Anashinda kwa sababu ana daftari. Mwonyeshe akiandika raundi, akichora mistari, akifuta.

Mambo yakikwama

*Wasomaji wako wa majaribio wanasema shangazi anafanya kiinimacho.* Umeruka dhana mojawapo ya Rehema katika hatua ya 4, na mara nyingi ni ile ya kuanza na namba. Irudishe. Pia hakikisha sarafu inayotumika wakati huo ni ya Rehema.

*Igizo linakupa namba baada ya mitikiso miwili ukianza na kichwa.* Msimamizi amesahau kugeuza rangi ya kete iliyozaliwa na chumba cha namba, au ameacha kete ya zamani ndani. Kagua chumba cha namba kabla ya kufunua: kikiwa na nyeupe mbili, rangi haikugeuzwa.

*Msomaji anauliza kwa nini sarafu halisi haifanyi hivi.* Jibu liko katika kikaratasi cha hatua ya 5. Sarafu inagongwa na hewa na mwanga muda wote, na kila mguso ni kikaratasi kilichokunjwa chenye habari za ilipo. Kwa fotoni, au kwa chembe iliyotengwa vizuri, migongano hiyo inaweza kuzuiwa kwa muda. Kwa sarafu hatuwezi.

*Hadithi haina mpinzani na inapooza katikati.* Kuna mchezo wa namna hii uliochapishwa mwaka 1999 na David Meyer, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Kalifonia, San Diego. Sarafu inaanza kichwa. Shangazi anatikisa, kisha Rehema anaamua kuigeuza au kuiacha bila kuiona, kisha shangazi anatikisa tena. Kichwa kikitoka, shangazi ameshinda. Katika kete, kugeuza ni kubadilishana yaliyomo katika vyumba viwili. Baada ya mtikiso wa kwanza vyumba vina nyeupe moja kila kimoja, kwa hiyo ukibadilishana hakuna kinachobadilika, na shangazi anashinda kila raundi. Onyesho hili linaweza kushika nafasi ya zile raundi kumi za mwanzo wa hatua ya 4, ila lile la kuanza na namba na lile la kufunua katikati lazima yabaki.

*Imevuka maneno 1,500.* Kata kwanza aya ya ulimwengu halisi, ibaki sentensi mbili za fotoni na vioo. Bado ni ndefu? Punguza maneno ya shangazi popote anaposema zaidi ya mstari mmoja kabla kifuniko hakijafunguliwa. Mistari mitano ya daftari usiiguse.